Nyumbu mmoja, namba tatu: ipi ni eneo lake la makazi?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Moshi, naandika ripoti ya nyumbu jike aliyevishwa kola ya GPS Tarangire. Kola ilichukua pointi kila saa nne kwa miezi 14, toka Agosti, nimebaki na kama 2,400. MCP inanipa km² 4,140, keneli ya `href` inanipa 1,760, na ya `LSCV` 610, tena vipande vipande. Msimamizi anataka namba moja ya eneo la makazi. Ipi ndiyo ya kweli? Faili nimeambatanisha."*

Marahaba. Nimelifungua faili lako, na jambo la kwanza nililofanya halikuwa hesabu. Nimezimwaga pointi zote kwenye ramani nikaziangalia tu kwa macho. Utaona vichaka viwili vya pointi: kimoja kando ya Mto Tarangire, kingine kwenye mbuga za Simanjiro, na kati ya katikati ya kimoja na ya kingine ni kama kilomita 45. Halafu, mbali kaskazini, kuna kijikundi cha pointi 11 kimekaa peke yake. Kisogelee kwa picha ya satelaiti. Ni Arusha mjini, kwenye ua wa jengo.

Nyumbu wako hakuja Arusha. Hizo ni pointi za kola yenyewe ilipowashwa na kujaribiwa kabla haijapelekwa porini, na tarehe zake zote zinatangulia siku mnyama alipopigwa sindano ya usingizi. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri, nami liliwahi kunipata nikiwa mwanafunzi, kwa tembo aliyeonekana kulala siku mbili juu ya meza ya ofisi. Futa kila pointi iliyotangulia kuvishwa kola. Mimi hufuta pia siku tatu nne zinazofuata, kwa kuwa mnyama aliyetoka kwenye dawa hatembei kama kawaida yake.

Ukizifuta hizo 11, MCP inashuka kutoka 4,140 hadi 2,210. Nusu ya "makazi" ya nyumbu wako imepotea kwa kufuta pointi zisizofika hata nusu ya asilimia moja. Keneli ya `href` imeshuka toka 1,760 hadi 1,720 tu. Tofauti hiyo inatuonyesha jinsi kila njia inavyofikiri.

MCP, yaani ile pembenyingi mbinuko iliyo ndogo kabisa, ichukulie kama kamba. Chomeka vigingi ardhini, kimoja kwa kila pointi, kisha zungushia kamba kwa nje na uivute mpaka ikaze. Kamba inagusa vigingi vichache vya pembeni, na hivyo ndivyo vinavyoamua eneo lote. Vigingi vingine elfu mbili na zaidi vilivyo ndani vingeweza kuhamishwa popote humo humo ndani, na jibu lisibadilike hata kidogo. Ndiyo maana pointi moja ya uongo iliyo mbali inaweza kukuongezea kilomita za mraba elfu moja na zaidi. Na kamba iliyokazwa haiwezi kuingia kwenye bonde lililo kati ya vichaka viwili. Lazima ipite moja kwa moja juu yake. Kwa nyumbu wako, zaidi ya nusu ya zile 2,210 ni ardhi ya katikati ambayo mnyama aliivuka tu.

Niliwahi kuonyesha ramani ya namna hiyo kwenye mkutano wa kijiji upande wa Simanjiro. Mzee mmoja akaiangalia, akaweka kidole mahali palipo boma lake, akasema: "Hapa nimekaa tangu kijana. Nyumbu hulala wapi, kwenye zizi langu?" Watu wakacheka, nami nikakunja karatasi. Alikuwa sahihi.

Huenda umeshauriwa utumie MCP ya asilimia 95 ili kuondoa pointi za pembeni. Kwa mnyama anayekaa mahali pamoja inasaidia kidogo. Kwa huyu wako inaharibu. Programu inatafuta wastani wa pointi zote, kisha inatupa asilimia 5 zilizo mbali zaidi na wastani huo. Lakini mnyama mwenye vichaka viwili wastani wake unaangukia katikati, mahali asipokaa. Kwa hiyo pointi zinazotupwa ni zile za ukingo wa nje wa Tarangire na ukingo wa nje wa Simanjiro, ambako alikuwa anakula kweli, huku za katikati zikibaki zote. Nimejaribu kwenye faili lako: eneo linashuka hadi kama 1,940, na hakuna hata pointi moja ya katikati iliyotoka.

Sasa keneli. Hapa badala ya vigingi na kamba, chukua mchanga. Juu ya kila pointi mwaga kichuguu kidogo cha mchanga, vyote vikiwa na ujazo sawa. Pointi zilipobanana vichuguu vinapandana na kuwa mlima. Pointi iliyo peke yake inabaki na kichuguu chake kimoja kifupi. Ukimaliza una uso wa milima na mabonde unaosema mnyama alitumia wapi muda mwingi. Mstari wa asilimia 95 ni kontua inayozunguka eneo dogo kabisa lenye asilimia 95 ya mchanga wote. Ndiyo maana pointi 11 za Arusha hazikukutikisa: mchanga wake ni mdogo mno, umebaki nje ya kontua.

Swali lote la keneli ni upana wa kila kichuguu, ule unaoandikwa `h`. Ukiwa mpana mno, milima inayeyuka na kumwagikia mahali ambapo mnyama hakufika. Ukiwa mwembamba mno, unapata kipele juu ya kila pointi. Namba zako 1,760 na 610 zimetokana na pointi zile zile na njia ile ile. Kilichobadilika ni `h` tu.

`href` inapatikana hivi, na ni vizuri uifanye kwa mkono walau mara moja:

```
sigma = sqrt( (var(x) + var(y)) / 2 )
href  = sigma * n^(-1/6)
```

Fomula hii inadhani kwamba pointi zako ni rundo moja la duara lenye kilele katikati. Kwenye faili lako kila kichaka peke yake kina mtawanyiko wa kama kilomita 5 kila upande. Lakini ukiviweka pamoja, fomula haioni vichaka. Inaona rundo moja refu lenye vichwa viwili vilivyoachana kilomita 45. Mtawanyiko wa mashariki-magharibi unapanda hadi kama kilomita 23, na `sigma` inatoka 16.7. Pointi 2,400 zinatoa kigawo cha 0.273. Jibu: `href` ni kilomita 4.6.

Rudia kwa kichaka kimoja. `sigma` ni 5, pointi 1,200 zinatoa 0.307, na `href` ni kilomita 1.5. Yaani umbali kati ya Tarangire na Simanjiro, ambao hauhusiani kabisa na jinsi nyumbu anavyokula akiwa Tarangire, umeongeza upana wa kila kichuguu mara tatu.

`LSCV` nayo inakosea upande wa pili. Inajaribu `h` nyingi na kuchagua ile inayopunguza kosa, lakini pointi zikiwa nyingi, na hasa zikirundikana mahali pale pale, inavutwa kuelekea `h` ndogo kupita kiasi. Nyumbu aliyelala chini ya mgunga mmoja usiku mzima anakuachia pointi mbili tatu zinazokaribia kuwa mahali pamoja, na una mamia ya usiku kama huo. Angalia skrini yako tena: nina hakika programu ilikuandikia kwamba hesabu haikutulia ndani ya mipaka ya `hlim`. Ujumbe huo ukitokea, namba inayofuata usiitumie. Na hata usipotokea, mnyama wa uwanda wa nyasi ambaye ramani yake ina visiwa ishirini vya kilomita moja moja hajapimwa vizuri.

Kwa hiyo tenganisha misimu. Usitumie kalenda, kwa kuwa mvua haijui tarehe. Tumia siku alipovuka. Kwenye faili lako kuvuka kunaonekana wazi mara mbili, kila mara siku tatu za mwendo wa kuelekea upande mmoja: mwanzo wa Novemba akienda Simanjiro, mwisho wa Mei akirudi mtoni. Ongeza safu ya `msimu` yenye `kiangazi`, `masika` na `njiani`. Pointi za `njiani` ziweke kando, tutazirudia.

```r
library(sf); library(adehabitatHR)
p <- st_as_sf(d, coords = c("lon","lat"), crs = 4326)
p <- as(st_transform(p, 32737), "Spatial")
p <- p[p$msimu != "njiani", ]
ud <- kernelUD(p[, "msimu"], h = "href", grid = 300)
kernel.area(ud, percent = c(50, 95),
            unin = "m", unout = "km2")
```

Hiyo `32737` ni zoni ya UTM 37 kusini. Nakutajia kwa sababu mpaka wa zoni ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36, na unapita hapo hapo Tarangire. Vifaa vingine huchagua zoni vyenyewe kwa kila pointi. Pointi moja ikiwa upande huu na jirani yake upande wa pili, kwenye jedwali zitaonekana zimeachana kilomita zaidi ya 600. Chagua zoni moja kwa pointi zote. Kuvuka mpaka kidogo hakuna madhara ya kukusumbua.

Na ile `grid = 300` usiiache. Ukinyamaza, programu inatumia gridi ya 60, na inaitandaza mbali kupita pointi zako pande zote. Kwa faili lako zima, lenye upana wa karibu kilomita 80, kila mraba unafika kilomita 4. Huwezi kuchora kichuguu cha kilomita 1.5 kwa tofali la kilomita 4.

Nilipofanya hivyo nimepata km² 490 za kiangazi na 540 za masika, jumla 1,030. Linganisha na 1,720 ya rundo moja: pointi ni zile zile ukiondoa za njiani, mnyama ni yule yule, ila sasa kila kichuguu kina upana unaotokana na maisha ya mnyama ndani ya msimu husika. Tandaza kontua hizo juu ya pointi uangalie. Zinazifuata vizuri bila kumwagika kwenye vilima ambako hakuna pointi hata moja. Jicho lako ni kipimo halali hapa. Fomula zote hizi ni za kukadiria, na ukiona kontua imemeza eneo usiloweza kumtetea nyumbu kuwa analitumia, amini ramani kuliko fomula.

Bado kuna udhaifu ambao sitakuficha. Keneli ya kawaida inadhani kila pointi ni habari mpya, isiyotegemea iliyotangulia. Saa nne kwa nyumbu anayelisha si muda mrefu. Alipo saa mbili asubuhi kunakueleza mengi kuhusu atakapokuwa saa sita mchana. Akikaa siku tano kwenye malisho yale yale anakupa pointi 30, lakini habari ni kama ya pointi chache tu. Fomula inaona `n` kubwa, inapunguza `h`, na eneo linatoka dogo kuliko inavyopaswa. Hapo zamani watu walitupa pointi mpaka zilizobaki zikaonekana kujitegemea, na pamoja nazo wakatupa habari nzuri waliyoilipia kwa helikopta. Siku hizi kuna kifurushi cha R kiitwacho `ctmm`, chenye keneli inayozingatia utegemezi huo, `akde`. Kwanza kinakuchorea jinsi umbali unavyokua kadiri muda unavyopita. Mchoro ukipanda kisha ukalala, mnyama anakaa mahali na eneo la makazi lina maana. Ukiendelea kupanda tu, yuko safarini, na hapo hakuna njia yoyote itakayokupa namba ya kweli. Jaribu kwa kila msimu peke yake. Tarajia eneo kubwa kidogo kuliko langu, pamoja na mipaka ya juu na ya chini ya makadirio, ambayo kwenye ripoti ina thamani kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Sasa turudi kwa zile pointi za `njiani`. Safari mbili, siku tatu kila moja, pointi sita kwa siku: 36. Hiyo ni asilimia 1.5 ya faili lako. Keneli ya asilimia 95 inatupa mchanga mwembamba kabisa kwanza, na mchanga mwembamba kuliko wote ni wa njiani. Maana yake hata usingezitenga, kontua ingeikata njia ya nyumbu na kukuachia visiwa viwili, kana kwamba mnyama anaruka. Si kosa la hesabu. Uliuliza muda wake anautumia wapi, na njiani hatumii muda. Lakini mtu anayepanga matumizi ya ardhi ya kijiji akipewa ramani ya keneli peke yake ataona nafasi tupu hapo katikati, na nafasi tupu hugawiwa mashamba. MCP inakosea kinyume chake: inadai ardhi yote ya katikati, mpaka boma la yule mzee.

Kwa njia ya kupita usitumie yoyote kati ya hizi mbili. Unganisha pointi 36 kwa mistari kwa mpangilio wa saa, na ramani hiyo iwe ya peke yake. Ukitaka upana wa njia, `kernelbb` ndani ya `adehabitatHR` inatumia mpangilio wa saa kati ya pointi na pointi. Ila kwa pointi za saa nne nne upana huo utakuwa wa kukisia sana, kwa kuwa kati ya pointi mbili nyumbu anayehama anaweza kusogea kilomita kadhaa bila wewe kujua kona alizopiga. Na mnyama mmoja na safari mbili havitoshi kuchora mpaka wa ushoroba. Vinatosha kusema "alipita hapa".

Msimamizi wako kutaka namba moja namwelewa, jedwali lina safu moja. Mimi ningempa keneli za misimu miwili, 490 na 540, na pembeni niandike `h` iliyotumika, idadi ya pointi, muda kati ya pointi na asilimia ya kontua. Bila vitu hivyo vinne, hakuna atakayeweza kulinganisha nyumbu wako na wa mwingine. MCP ya asilimia 100 iliyosafishwa, 2,210, iweke pia, kwa sababu ripoti nyingi za zamani zina MCP tu na utahitaji kulinganisha. Iite jina lake: eneo ambalo ndani yake pointi zote zimo. Usiiite makazi. Ile 610 iache.

Mambo mawili sitaki uyafanye peke yako. Moja ni kuweka ramani ya pointi mtandaoni au kumtumia mtu nje ya mradi. Kibali chako cha utafiti kimepitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na masharti ya data yapo humo. Yasome kabla hujaambatanisha faili tena kama ulivyonitumia mimi. Pili ni `ctmm` kwa mara ya kwanza. Mchoro wake una mitego ambayo ni rahisi kuonyeshana kwenye skrini moja kuliko kuandikiana, na mmoja wa misimu yako, masika, unaniletea shaka: mstari wake haulali vizuri. Panda basi uje Arusha siku ya kazi, tukae asubuhi moja.

Ukija, beba faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kola, siyo hili ulilokwisha kulisafisha, pamoja na fomu ya siku alipovishwa. Katikati ya Februari kuna siku sita kola haikutuma kitu, halafu pointi zinaanza tena kilomita 19 kusini. Nataka kujua kama alihama au betri ilisinzia, kwa sababu hapo ndipo mstari wa masika unapoharibika.